Saa 48 Kabla ya Kikao cha Nidhamu

Tumchukue mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Ni mfano tu, lakini aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi atamtambua, maana watu wa aina yake hawakauki pale. Amefanya kazi miaka sita. Jumamosi inafanyika hesabu ya mali na mifuko 40 ya saruji haionekani. Jumatatu asubuhi anaitwa ofisini. Ndani anawakuta watu watatu wamekaa: meneja, mhasibu, na msimamizi wa ghala aliyefanya ile hesabu. Anaulizwa saruji iko wapi. Anajibu kwamba hajui, ila anakumbuka kuna mzigo ulishushwa yeye akiwa likizo. Anaambiwa asilete hadithi. Baada ya dakika 20 anatoka na barua ya kuachishwa kazi ambayo tayari ilikuwa na muhuri, na mlinzi anamsindikiza mpaka getini.

Mtaani watu watabishana kama jamaa aliiba au alisingiziwa. Sheria ya kazi ya Tanzania inauliza hilo, na inauliza jambo la pili pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na vilevile kwamba alifuata utaratibu wa haki. Maswali hayo mawili yanajibiwa kila moja peke yake. Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa akaangushwa na utaratibu. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwake, kwa mujibu wa kifungu cha 39. Mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kwamba alionewa.

Waajiri wengi likiwafika hili huona wameonewa. Mtu ameniibia, kisha nimlipe fidia kwa sababu sikumwandikia barua? Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini yanaruka hatua moja. Yanachukulia kwamba wizi ulikwisha kujulikana kabla ya mtuhumiwa kufungua mdomo. Yule mtunza stoo alitaja mzigo ulioshushwa akiwa likizo, na hakuna aliyekwenda kuangalia karatasi za mzigo huo. Huenda alikuwa anajitetea kwa uongo. Huenda pia lori lilileta mifuko 560 badala ya 600 na mwenzake akasaini bila kuhesabu. Ofisi ile haikujua, na haikujipa nafasi ya kujua.

Utaratibu wenyewe haumo ndani ya Sheria hiyo. Uko kwenye Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, na sehemu inayohusu makosa ya nidhamu ni Kanuni ya 13. Ni kanuni fupi, haifiki kurasa mbili, na mwajiri yeyote anaweza kuisoma akinywa chai. Inaanza na uchunguzi: kabla ya kumwita mtu kwenye kikao, mwajiri achunguze kwanza kama kuna jambo la kujibu. Katika mfano wetu, uchunguzi ungekuwa kupitia kadi za stoo, kulinganisha na hati za kupokelea mzigo za wiki zile, na kuwahoji waliokuwa zamu. Ni kazi ya siku moja au mbili. Katika muda huo, ikiwa kosa linaloshukiwa ni zito, mfanyakazi anaweza kusimamishwa kazi akakaa nyumbani, kwa sharti kwamba mshahara wake unaendelea kulipwa kamili. Kumsimamisha bila mshahara tayari ni kumwadhibu kabla ya kumsikiliza.

Uchunguzi ukionyesha kuna la kujibu, ndipo inaandikwa barua ya tuhuma, na hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Barua nyingi husema hivi: "Unatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu na kuisababishia kampuni hasara." Mtu atajibu nini hapo? Hasara ipi, lini, ya kitu gani? Barua inayojibika ingesema kwamba katika hesabu ya mali ya Jumamosi tarehe fulani mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 iliyokuwa chini ya uangalizi wako haikuonekana. Kwamba kadi ya stoo inaonyesha ilipokelewa kati ya tarehe fulani na fulani. Na kwamba unatuhumiwa kwa uzembe uliokithiri katika kutunza mali. Mwenye barua ya namna hiyo anajua aanzie wapi. Ataomba ruhusa yake ya likizo itolewe kwenye faili, ataomba karatasi za lori, atakumbuka nani alishika funguo.

Tena jina la kosa lina uzito wake. Wizi na uzembe havijibiwi kwa utetezi mmoja. Anayetuhumiwa kwa wizi atajitetea kwamba hakuchukua. Anayetuhumiwa kwa uzembe atajitetea kwamba alifanya kila alichopaswa kufanya. Kampuni ikimshtaki mtu kwa wizi, kikao kikashindwa kuona ushahidi wa wizi, kisha kikamtia hatiani kwa uzembe ambao hakuulizwa, amehukumiwa kwa tuhuma asiyowahi kuijibu. Kama mwajiri hana hakika, ataje makosa yote mawili kwenye barua tangu mwanzo, moja kama mbadala wa jingine. Mstari mmoja wa ziada unatosha.

Kanuni inadai pia kwamba tuhuma zitolewe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa. Hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu ofisi nyingi huendesha barua zao kwa Kiingereza na viwanda vyao kwa Kiswahili. Mpakia mizigo anayepewa kurasa mbili za Kiingereza cha mwanasheria hajapewa tuhuma, hata kama amesaini kwamba amezipokea. Asiyejua kusoma asomewe, na iandikwe kwamba alisomewa na nani. Majirani zetu Wakenya wana sharti linalofanana na hili. Kifungu cha 41 cha Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu inayomfanya afikirie kumwachisha kazi, na mfanyakazi huyo ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe wakati maelezo yanatolewa.

Baada ya barua ya tuhuma unakuja muda. Kanuni inasema mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, na kwamba kwa kawaida muda huo usipungue saa 48. Neno "kwa kawaida" lisomwe vizuri. Saa 48 ni kima cha chini kwa jambo jepesi. Kesi ya mifuko 40 na karatasi tano inaweza kutosha ndani ya siku mbili. Kesi ya mhasibu anayetuhumiwa kwa malipo ya miezi minane haiwezi. Ujanja unaoonekana mara nyingi ni barua kutolewa saa kumi jioni, kikao kuitishwa kesho yake saa tatu asubuhi. Hesabu hapo haihitaji mwanasheria: ni saa 17, na nyingi kati ya hizo mtu amelala au yuko kwenye daladala. Ujanja mwingine ni kumpa mtu saa 48 huku amezuiwa kuingia kazini, faili zimefungiwa na wenzake wameonywa wasizungumze naye. Muda wa kujiandaa ambao ndani yake huwezi kuona karatasi wala kumuuliza mtu ni muda wa kukaa nyumbani na kuhangaika.

Usichanganye barua ya kutakiwa kujieleza na barua ya kuitwa kwenye kikao. Ya kwanza inakuuliza kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua, na kwa kawaida ni sehemu ya uchunguzi. Ya pili inakuita usikilizwe. Waajiri wengi husimama kwenye ya kwanza: mfanyakazi anajibu kwa maandishi, ofisi inasema "maelezo yako hayajaridhisha", barua ya kuachishwa kazi inatoka. Hapo kikao chote kimerukwa. Hakuna shahidi aliyeulizwa swali wala mwenyekiti aliyesikiliza pande mbili, na aliyetoa tuhuma ndiye aliyejitathminia majibu.

Sasa tumfikirie mtu wa tatu katika chumba kile, ambaye mara nyingi hayupo: mwenzake mtuhumiwa. Kanuni ya 13 inampa mfanyakazi haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake katika kujiandaa na katika kikao. Kwa maoni yangu hii ndiyo haki inayotumika kidogo kuliko zote na inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Haitumiki kwa sababu waajiri huitaja kwa maneno madogo mwishoni mwa barua, kama wanaitaja kabisa, na kwa sababu mtuhumiwa huona haya kumwomba mtu. Kosa la kazini lina aibu yake. Watu huwa tayari kwenda peke yao kuliko mwenzao asikie wanatuhumiwa wizi.

Lakini fikiria hali ya mtu aliyekaa mbele ya bosi wake akijua kodi ya nyumba na ada ya shule vinategemea majibu yake. Anasikia nusu ya maswali. Anajibu haraka kuliko alivyofikiri. Anasahau karatasi aliyoiweka mfukoni. Baadaye hakumbuki nani alisema nini, na muhtasari unapoletwa asaini, hana wa kumuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Mwenzake aliye kando haogopi kwa kiasi kile. Anaandika. Anaweza kunong'ona, "Taja ile likizo." Anaweza kuomba wapumzike dakika kumi. Anaweza kuuliza swali kwa niaba yake. Na mambo yakifika mbele, ndiye atakayesema kilichotokea humo ndani, maana upande wa mwajiri una mashahidi watatu na mtuhumiwa angekuwa peke yake.

Nani achaguliwe? Mahali penye tawi la chama, kama TUICO kwenye viwanda na biashara au CHODAWU kwenye hoteli na kazi za majumbani, mwakilishi wa tawi ameshaona vikao na anazijua barua. Pasipo na chama, achaguliwe mtu mtulivu, anayeandika vizuri, asiyehusika na tukio lenyewe. Rafiki mkubwa si lazima awe msaidizi mzuri. Mwenye hasira kuliko mtuhumiwa atageuza kikao kuwa ugomvi. Aliyekuwepo wakati tukio linatokea ana manufaa zaidi akiwa shahidi. Wengi huuliza kuhusu wakili. Kanuni imewataja wawili tu, mwakilishi wa chama na mfanyakazi mwenzake, kwa hiyo wakili wa nje si haki ya mtuhumiwa katika kikao hiki isipokuwa kama taratibu za kampuni yenyewe zinamruhusu. Chaguo ni la mtuhumiwa. Afisa rasilimali watu anayesema "tumekutafutia mwenzako wa kukusindikiza" amevuka mpaka, hata kama nia yake ni njema.

Anayeombwa kumsaidia mwenzake naye ana hofu yake, na si ya bure. Ataonekana mpinzani, ataandamwa mwezi ujao. Sheria inasema kwamba mtu kutumia haki aliyopewa na sheria, au kushiriki shughuli halali za chama, si sababu ya haki ya kumwachisha kazi. Kinga hiyo iko kwenye maandishi, na kwenye ofisi ndogo yenye watu wanane haitamwondolea mtu uso uliokunjwa wa bosi. Ndiyo maana busara ni kumwomba mapema, kumwonyesha barua yote, na kutomlaumu akikataa.

Turudi kwa mtunza stoo wetu, safari hii mambo yakienda kama inavyopaswa. Barua anaipata Jumanne saa nne asubuhi, kikao ni Ijumaa saa nne. Kwenye kiti cha mwenyekiti hakai meneja aliyemtuhumu. Anakaa meneja wa tawi jingine. Kanuni inataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya juu ya kutosha katika uongozi, na asiwe amehusika katika mazingira yaliyozaa kesi. Hii kwa kampuni kubwa ni rahisi. Kwa duka la baba na wanawe ni mtihani, na wengine huomba mtu wa nje wanayemwamini aje aongoze. Kitu kisichokubalika ni msimamizi wa ghala kuhesabu, kushtaki, kutoa ushahidi, kisha kuvua kofia na kuvaa ya hakimu.

Mwenyekiti anasoma tuhuma na kumuuliza mtuhumiwa kama anazikubali. Swali hili linahitaji tahadhari. Mtu akikiri kosa waziwazi, sehemu kubwa ya kikao haina tena kazi, na mahakama zimewahi kukubali kwamba kwa aliyekiri hapakuwa na haja ya kikao kirefu. Kwa hiyo mtu asikiri kwa ajili ya kumaliza mambo au kwa sababu ameahidiwa kwamba "ukikubali tutakusamehe". Akubali lililo kweli, kwa kipimo chake: "Mifuko haikuwepo, nakubali. Kwamba niliichukua au niliizembea, sikubali."

Kisha mwajiri analeta ushahidi wake palepale, mbele ya mtuhumiwa. Msimamizi wa ghala anaeleza hesabu yake na kuonyesha kadi ya stoo. Sasa ni zamu ya mtuhumiwa kumuuliza, na mwenzake, dada mmoja wa idara ya mauzo, ameomba amsaidie.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nimuulize kaka msimamizi. Lori la tarehe sita lilipokelewa na nani?"

"Alikuwepo kijana wa zamu. Mtunza stoo alikuwa likizo."

"Na hati ya mzigo ilisainiwa mifuko mingapi?"

"Mia sita."

"Kuna aliyehesabu wakati wa kushusha?"

"Hilo sijui."

Maswali matatu, na kesi imebadilika sura. Bado mtunza stoo ana la kujibu, kwa sababu aliporudi likizo alipaswa kuhesabu kabla ya kukabidhiwa na hakufanya hivyo. Lakini wizi umeondoka mezani, na uzembe uliobaki ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye barua. Angalia pia kwamba hakuna aliyepiga kelele wala kutaja kifungu cha sheria. Kikao cha nidhamu si mahakama. Hakuna kiapo wala kanuni ngumu za ushahidi. Kinachotakiwa ni mtuhumiwa aone kinachomkabili, akijibu, amuulize anayemshtaki, na alete mashahidi wake kama wapo. Ripoti ya uchunguzi ambayo mwenyekiti anaisoma kimoyomoyo bila mtuhumiwa kuiona ni ushahidi uliotolewa gizani.

Kikao kikimwona ana kosa, kuna hatua ambayo hata kampuni zenye idara nzuri za rasilimali watu huisahau. Kabla adhabu haijaamuliwa, mtuhumiwa apewe nafasi ya pili ya kusema, safari hii kuhusu adhabu yenyewe. Miaka sita bila onyo. Makabidhiano baada ya likizo hayakuwa na utaratibu wa maandishi. Waliowahi kukosea hivi walipewa onyo tu. Kanuni ya 12, inayopima uzito wa sababu, inauliza kama sheria ya kazini iliyovunjwa ilijulikana, kama inatumika kwa wote kwa usawa, na kama kumwachisha mtu kazi ndiyo adhabu inayostahili. Kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu kazi isipokuwa liwe zito, kama udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi au kumshambulia mtu. Kuunganisha "ana hatia" na "afukuzwe" katika sentensi moja ni kuruka hatua hii.

Uamuzi utolewe na sababu zake, ikiwezekana kwa maandishi. Miongozo iliyoambatishwa na kanuni hizo inampa mfanyakazi siku tano za kazi za kukata rufaa ndani ya kampuni, kwa ngazi ya juu zaidi. Akiachishwa kazi, aambiwe kwamba anaweza kupeleka mgogoro wake Tume.

Je, mtu wa nje atajuaje kikao kilikuwa cha kweli au mchezo wa kuigiza? Njia rahisi ni kuzipanga karatasi zote kwa tarehe. Barua ya tuhuma, hati ya kuitwa, muhtasari wa kikao, uamuzi, barua ya kuachishwa kazi. Nafasi kati ya karatasi moja na nyingine husema mengi. Kama barua ya kuachishwa kazi ina tarehe ya siku ya kikao, na kikao kilianza saa tisa alasiri, nani aliandika, nani alisaini, na lini walitafakari? Kama mtu mwingine aliajiriwa kwenye nafasi hiyo siku mbili kabla ya kikao, hakuna muhtasari utakaoponya hilo. Halafu soma muhtasari wenyewe: je, majibu ya mtuhumiwa yameandikwa, au kuna sentensi moja tu kwamba "mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujitetea"? Na uliza nani walibaki chumbani mtuhumiwa alipoambiwa atoke nje wakati wa kutafakari. Msimamizi wa ghala akibaki humo na mwenyekiti huku mtuhumiwa na mwenzake wako koridoni, upande mmoja umeongezewa muda wa kusema bila kujibiwa.

Kanuni hizi zina mipaka, na ni vizuri kuijua. Masharti ya kifungu cha 37 hayamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Watumishi wa umma wana mkondo wao wa nidhamu chini ya sheria za utumishi wa umma. Mtuhumiwa anayekataa kuhudhuria bila sababu ya msingi anaweza kusikilizwa kesi yake asipokuwepo, kwa hiyo kususa ni silaha inayomkata mwenyewe. Katika hali za kipekee, kama pale kuendelea kuwepo kwa mtu kazini kunahatarisha usalama wa wengine papo hapo, mwajiri anaweza kusamehewa baadhi ya hatua. Na mahakama zimesema mara kwa mara kwamba hatua hizi si orodha ya kuwekea alama moja baada ya nyingine. Hatua ndogo iliyokosewa haivunji kila kitu ikiwa mtu alijua tuhuma zake na alisikilizwa kwa kweli. Pale ambapo sababu ilikuwa nzuri na kasoro ilikuwa kwenye utaratibu tu, Mahakama ya Rufani imekubali fidia iwe ndogo kuliko ya aliyefukuzwa bila sababu. Aliyeiba asitarajie kutajirika kwa sababu barua ilichelewa.

Hilo halimpi mwajiri ruhusa ya kulegea. Siku moja ya kikao, mwenyekiti wa kuazima na karatasi kumi ni gharama ndogo kuliko miezi ya kwenda na kurudi Tume, mashahidi wakiacha kazi zao kila tarehe inapotajwa. Na pale penye duka la mfano wetu, kikao cha Ijumaa kingemfikisha mwenye mali kwenye jambo ambalo dakika 20 za Jumatatu zilimficha: kwamba aliyemuuzia saruji alimpelekea mifuko pungufu, na huenda haikuwa mara ya kwanza.

Kama wewe ndiye uliyepewa barua leo, andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea kabla ya kusaini, na ubaki na nakala. Omba kwa maandishi karatasi unazozihitaji, hata kama unajua utanyimwa. Ombi lililonyimwa ni ushahidi. Tafuta mwenzako leo, si asubuhi ya kikao. Usisaini muhtasari ambao haujausoma, na kama una kasoro, iandike kasoro hiyo pembeni kwa mkono wako kisha usaini. Ukiachishwa kazi na huridhiki, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Namba 1 ndani ya siku 30, kuanzia siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani ya hesabu hiyo. Ukichelewa italazimu kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na wengi wenye kesi nzuri wameishia hapo.